Kukataa shamba la ubia bila kukata ujirani

"Mimi ni muuguzi Dar es Salaam, nafanya kazi kwa zamu. Mama jirani, ambaye ni mkubwa wangu na ndiye anayenishikia watoto nikiwa zamu ya usiku, anataka tuingie wanne tukodi ekari mbili Mlandizi, kando ya Ruvu, tulime matikiti ya Ramadhani. Muda sina kabisa. Kwa aibu nilimwambia 'tutaona', sasa nasikia amenihesabu na wiki ijayo wanachanga kodi. Je, nitoe hela tu wao walime? Au nimwambie nini asione nimemdharau?"

Dada yangu, kataa, na ukatae kabla ya huo mchango. Sisemi hivyo kwa sababu shamba lenyewe ni baya. Udongo wa kando ya Ruvu naujua, maji yapo, barabara ya Morogoro iko karibu na soko la Dar linafikika asubuhi ileile. Nimekuwa bwana shamba kwa miaka mingi, na mashamba ya ubia niliyoyaona yakifa yalikuwa na ardhi nzuri, na wabia wake hawakuwa wavivu. Yaliuawa na kalenda. Nitakueleza hilo kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa, maneno ya kumwambia mama jirani yatakuja yenyewe, na hayatakuwa ya kusingizia.

Mtu akialikwa shambani huuliza atahitajika saa ngapi kwa wiki. Swali hilo linafaa kwa duka. Kwa tikiti swali ni hili: atahitajika siku gani, na siku hiyo akiwa hayupo inaweza kusogezwa? Kazi nyingi za shamba lenu zinasogezeka na kibarua anaweza kulipwa azifanye. Zipo chache zisizosogezeka hata kwa siku mbili, na hizo ndizo zinazoamua kama mtavuna au mtasimulia.

Chukua hilo shamba lenu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Mkipanda mstari hadi mstari mita 2, shimo hadi shimo mita 1, ekari moja inabeba mashimo 2,000, na ekari mbili 4,000. Kila shimo lichimbwe, litiwe samadi, lichanganywe na udongo. Ukilipa kila shimo dakika 2 tu, ni dakika 8,000, karibu saa 133, yaani mtu mmoja siku 17 za saa 8 bila siku ya kupumzika. Inatisha ukiisoma, lakini hiyo ndiyo kazi rahisi. Vibarua wanne wanaimaliza ndani ya wiki, na wewe ukiwa wodini hakuna kinachoharibika. Ikichelewa siku tatu, shimo halilalamiki. Watu wengi wanaojipima kama wana muda wa kulima hujipima kwa kazi ya namna hii, ya jembe na jasho, wakaona kumbe inalipika. Hapo ndipo wanapodanganyika.

Sasa tazama kinachofuata. Matikiti ya kuvunwa mwanzoni mwa Februari, Ramadhani za miaka hii zinapoangukia, yanapandwa katikati ya Novemba, maana mbegu nyingi za madukani zinataka siku 80 hadi 85. Wiki ya pili unapunguza miche. Kati ya wiki ya tatu na ya nne unapalilia, na hapa mlango unaanza kufungwa: mmea ukishatambaa na kujishikiza kwa vile vikamba vyake vinavyojisokota, huwezi tena kuingia na jembe bila kukata mashina. Magugu uliyoyaacha yanakua pamoja na tikiti, na utayang'oa kwa mkono mmoja mmoja ukiruka kama mtu anayevuka matope. Novemba na Desemba ni vuli. Siku uliyopanga palizi mvua inaweza kunyesha, ukaahirisha hadi ofu yako nyingine, na ofu nyingine kwenye rosta iko baada ya siku sita.

Kisha maua. Tikiti hutoa kwanza maua dume, na kama wiki moja baadaye maua jike. Ua jike utalitambua kwa katikiti kadogo kama gololi, kenye vinyweleo, nyuma ya petali. Hufunguka alfajiri na kufikia mchana linaanza kufunga, halifunguki tena. Katika saa hizo chache nyuki walitembelee, tena si mara moja. Likikosa, kale katikiti kanageuka njano na kuanguka, au kanakua upande mmoja kama kibuyu kilichokaliwa. Sasa fikiria kijana wenu wa shamba. Ameambiwa apige dawa ya wadudu. Yeye anaona busara kuipiga asubuhi na mapema, jua halijawa kali, halafu apumzike. Amefanya kazi kwa bidii na ameua wachavushaji wenu. Dawa ya wadudu kwenye tikiti lililochanua hupigwa jioni, nyuki wakisharudi. Kulijua hilo hakuhitaji saa nyingi. Kunahitaji mtu anayelijua awepo shambani siku hiyo, asubuhi hiyo, amwone kijana anachanganya dawa amwambie weka chini.

Na siku zenyewe ni zipi? Mkipanda tarehe 15 Novemba, maua jike yanakuja karibu na siku ya 35 hadi 45. Hesabu vidoleni. Ni Krismasi na mwaka mpya. Wewe muuguzi unajua kuliko mimi rosta inavyokuwa wiki hiyo.

Hapo hapo nzi wa matunda naye anafika. Jike lake hutoboa tunda changa, dogo kama yai, na kutaga ndani. Dalili ni ndogo sana: tone la utomvu linalong'aa kwenye ganda na kidonda kama cha sindano. Ukilipasua baada ya siku chache unakuta funza weupe. Tunda kama hilo huchumwa, likafukiwa chini sana au kufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuanikwa juani, maana ukiliacha tutani funza wanatoka, wanaingia ardhini, wanarudi wakiwa nzi wengi zaidi. Mzunguko huu wa kukagua na kuokota ni kila baada ya siku mbili tatu, tuta kwa tuta, tangu matunda yanaposhika. Aliyeajiriwa bila msimamizi huuruka, kwa sababu siku hiyo kuuruka hakuonekani. Kunaonekana wiki tatu baadaye, tikiti la kilo 5 linapobonyea ukiliinua.

Nimalizie na maji, na hapa nitajisema mwenyewe. Miaka ya nyuma niliingia ubia na wenzangu watatu wa ofisini, hukohuko bonde la Ruvu, ekari moja na nusu. Kilikuwa kile kilimo ambacho watu wanakiita kilimo cha simu. Tulikuwa na kijana mzuri, analala shambani, na pampu ya petroli. Januari, kaskazi inavuma, matunda yamefika ukubwa wa mpira wa miguu. Siku ya Jumatatu chujio la mwisho wa mpira wa kunyonyea maji likaziba matope, pampu ikawa inanguruma bila kutoa kitu. Kijana akampigia wa kwanza wetu, yupo kikaoni. Akampigia wa pili, akajibiwa "mwambie bwana shamba". Akanipigia mimi, niko semina Dodoma, nikasema nitamtuma mwenzangu wa tatu, nikamtumia ujumbe. Yeye akausoma, akadhani wa kwanza ameshakwenda kwa kuwa ndiye mwenye gari. Tukafika Ijumaa. Kulisafisha lile chujio kulichukua kama dakika kumi.

Kijana, kwa kuona aibu, akamwagilia jioni ile na usiku kucha. Tikiti lililokaa na kiu siku nne ganda lake hukaza. Likipewa maji mengi ghafla, nyama ya ndani inavimba haraka kuliko ganda linavyoweza kunyooka. Jumamosi asubuhi tulizisikia zikipasuka. Sitanii, linatoa mlio kama mtu amevunja ubao mkavu. Tulihesabu zaidi ya 600 zilizopasuka, nyuki na nzi wanakula karamu. Mengine yalioza kitako, maana maji ya leo mengi kesho hakuna huzuia tunda lisipate chokaa yake sawasawa, hata kama udongo unayo.

Ukiangalia sana, hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alipokea simu au alisoma ujumbe. Ila shamba la watu wanne wasio na muda halina hata mtu mmoja mwenye muda. Tulidhani robo nne za mtu zinafanya mtu mzima, na shambani hazifanyi. Pampu iliyoziba inamtaka mtu mmoja, mzima, leo. Na baada ya hasara ndipo hesabu ya pili ikaanza, mbaya kuliko ya kwanza: nani alikwenda mara ngapi. Mimi nilikuwa nimekwenda mara 9, mwenye gari mara 4, lakini yeye ndiye aliyenunua mafuta. Wa tatu alitoa hela nyingi kuliko wote na hakufika hata mara moja, akasema yeye tangu mwanzo alijua ni mtoa mtaji. Wenzake hawakujua hivyo. Mpaka leo wawili kati yetu salamu zao ni za kikohozi.

Hapo ndipo nijibu ile sehemu ya swali lako inayokuvutia zaidi, ya kutoa hela tu. Najua kwa nini inavutia. Inaonekana kama kukataa kwa upole: humwambii hapana, na huendi shambani. Lakini kwa mama jirani na wale wawili umekubali. Watakuhesabu robo. Siku ya palizi watasema tuko wanne. Pampu ikifa watakuweka kwenye zamu ya kupigiwa simu. Halafu hela ya shamba haitolewi mara moja. Kodi ndiyo ndogo kuliko zote: baada yake kuna mbegu, mbolea, dawa, petroli kila siku mbili tatu wakati wa kiangazi, na mshahara wa kijana. Kila mchango ukija utakuwa na sababu nzuri, na utaona ukikataa wa nne utapoteza mitatu ya kwanza. Pia jua kwamba watu wanaofanya biashara pamoja ili wagawane faida wanaweza kuhesabiwa wabia kisheria hata bila karatasi, kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Wakikopa pembejeo dukani kwa jina la kundi, deni hilo linaweza kukufikia nawe uko zamu ya usiku, hujui hata dawa ilinunuliwa.

Kama kweli moyo wako unataka kumsaidia mama kwa fedha, mkopeshe yeye, si shamba. Kiasi kimoja, kinachotajwa mara moja, chenye tarehe ya kurudi, mmeandikiana mistari mitatu na kila mmoja ana nakala. Usichukue gawio la mavuno wala usiahidi nyongeza. Na kiwe kiasi ambacho tikiti likipasuka lote utaweza kumwona asubuhi ukamwamkia bila kukumbuka. Kama kiasi hicho huna, usikopeshe. Mimi ningekuwa wewe nisingekopesha hata nikiwa nacho, kwa sababu mtu anayekulelea watoto usiku hafai pia kuwa mdaiwa wako. Lakini hilo ni lako kupima.

Kuna watakaokushauri uchukue likizo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na msimu wa tikiti siku 85. Hata ukiitumia yote utakuwa umefunika theluthi moja, na utarudi kazini umechoka kuliko ulivyotoka. Ukiweka safari ya Mlandizi na bodaboda mpaka mtoni, kila mguu ni nusu ya siku yako ya ofu, tena baada ya zamu ya usiku. Kusinzia njiani kwa ajili ya tikiti sikushauri.

Sasa kuhusu hilo neno lako, "tutaona". Kwetu neno hili lina sura mbili, na ndiyo maana limekuponza. Msemaji analitoa kama hapana iliyovishwa kanga. Msikilizaji mwenye hamu analipokea kama ndiyo inayongoja mshahara. "Mungu akipenda" nayo hivyo hivyo. Mama hakukusingizia alipokuhesabu. Kwa hiyo ukienda kwake, anza kwa kulibeba kosa hilo wewe mwenyewe, kabla hajakukumbusha.

Nenda kwa miguu yako. Usimwandikie kwenye simu, na usimwambie mlangoni ukiwa umevaa sare unakimbilia gari. Nenda jioni, akiwa peke yake, ukae. Usiende akiwa na wale wabia wengine, maana mbele ya watu atalazimika kukubembeleza na wewe utalazimika kulegea. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, usizunguke sana. Mtu akizungushwa sana huanza kuogopa msiba. Unaweza kusema hivi:

"Mama, nimekuja kwa lile la shamba. Juzi nilikwambia tutaona, na ilikuwa aibu yangu tu, nilipaswa kukwambia kweli siku ileile. Mimi sitaingia. Shamba linamtaka mtu siku linayoitaka lenyewe, na mimi siku zangu zinapangwa na hospitali. Sitaki niwe yule mnayempigia pampu imekufa hapokei. Naomba msinihesabu kwenye kodi."

Angalia kilichomo na kisichomo. Hakuna "kwa sasa", hakuna "labda msimu ujao", hakuna "ngoja nione rosta". Kila moja ya hizo ni mlango uliorudishwa bila kufungwa, na wiki ijayo mtu atausukuma. Hakuna pia sababu ya kuazima. Wengi wakiona haya husema hela hakuna. Jirani mwema atakujibu, "basi tutakuwekea, utalipa baadaye," na sasa umekwama na uongo uliotatuliwa. Wengine humtaja mume: "baba watoto hataki." Umemtoa mwenzako kafara, na siku mama akikutana naye kibarazani akamuuliza, mtaumbuka wote wawili. Sema muda, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa umeshaelewa ni muda wa namna gani.

Atajibu, tena kwa nia njema. La kwanza litakuwa, "Mwanangu, kuna kijana atakaa huko, sisi ni kwenda kuangalia tu." Hapo usibishane kuhusu kijana. Mwambie, "Huko kuangalia ndiko nisikoweza, mama." La pili litakuwa, "Basi toa fungu lako, mguu tutakusaidia sisi." Jibu, "Nikitoa fungu bila mguu, siku ya hasara nitawaudhi, na siku ya faida nitawaonea." Akinyamaza, nawe nyamaza. Kimya cha mtu mzima anapofikiria si hasira, na usikijaze kwa ahadi. Nimeona watu wakikataa vizuri kabisa, halafu kimya cha dakika moja kikawatoa shilingi laki mbili.

Lipo jambo jingine chini ya swali lako, nalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi: usiku wote ambao watoto wako wamelala kwake. Usilitaje deni hilo katika mazungumzo haya, wala usilipe kwa shamba. Ukisema "najua umenisaidia sana lakini", unaliweka mezani kama bei, na yeye hakuwa ameliuza. Lilipe kwa sarafu yake lenyewe. Mama akianza safari za Mlandizi, nyumba yake itabaki. Kuna wajukuu, kuna mtu wa kupokea gesi, kuna jiko. Siku yako ya ofu, hata ukiwa umechoka, unaweza kuwakusanya watoto wa nyumba zote mbili wakala kwako. Hilo liko ndani ya uwezo wako, unalifanya ukiwa nyumbani, na kwa mkulima anayelala shambani wiki ya maua lina thamani kuliko robo ya kodi. Ila ulifanye siku nyingine, bila tangazo. Ukilitoa palepale unapokataa litaonekana ni fidia.

Kitu kingine unachoweza kuwapa ni kazi yako. Wengi wanaolima mara ya kwanza huchanganya dawa kwa mikono mitupu na kula chapati palepale. Robo saa ya muuguzi kuwaambia glavu, kuoga, nguo za shambani zifuliwe peke yake, na chupa za dawa zisitiwe maji ya kunywa, inaweza kumwepusha mtu na kitanda chenu. Wakiomba.

Halafu kuna faida ya kukataa mapema ambayo mama jirani mwenyewe huenda hajaiona, na hii unaweza kumpa kama zawadi ya kitaalamu. Walipanga ekari mbili kwa watu wanne, nusu ekari kila mmoja. Wakibaki watatu wakang'ang'ania ekari mbili, hesabu inawabana. Tuseme kodi ni shilingi 400,000 kwa msimu: kila mmoja anatoka 100,000 hadi 133,000, na mzigo wa mbegu, dawa na kukagua matuta unapanda vilevile. Wakikodi ekari moja na nusu badala yake, kodi inarudi 100,000 kila mtu, mashimo ni 3,000 badala ya 4,000, na mtu mmoja mwenye afya anaweza kuyazungukia yote asubuhi moja akitafuta yale matone ya utomvu. Mabadiliko haya leo ni simu moja kwa mwenye shamba. Baada ya kodi kulipwa na ardhi kulimwa ni ugomvi. Ukijitoa mwezi wa pili wa msimu, ndipo utakuwa umewatia hasara kweli. Ukijitoa leo umewabadilishia hesabu tu.

Wakikuuliza wafanye nini kuhusu shamba lenyewe, usiwe mshauri wao wa mbali. Waelekeze kwa afisa ugani wa kata ile, waende naye mpaka shambani kabla ya kulipa. Aangalie mahali mto ulipofika masika iliyopita, maana Ruvu hufurika na alama hubaki kwenye miti. Waulize pia kama serikali ya kijiji inamtambua huyo anayewakodisha. Na wamteue mmoja wao, kwa jina, awe ndiye msimamizi wa shamba siku za kazi, alipwe kwa hilo kabla ya kugawana faida. Kundi likishindwa kukubaliana juu ya jina hilo, hata watatu ni wengi.

Kwa upande wako, lipo jambo moja ambalo barua yangu haiwezi kulimaliza. Kama katika hizi siku za "tutaona" ulishatuma chochote, au jina lako limeandikwa kwenye makubaliano na mwenye shamba, au umetia sahihi kama shahidi, usiridhike na maneno ya kibarazani. Omba uione karatasi yenyewe. Jina lako likatwe na wote watie sahihi pembeni, hela ulizotuma zirudi au ziandikwe zimegeuka nini. Wakisita, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wenu ukiwa na mama jirani, au ufike kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu ukiwa na hiyo karatasi mkononi, kabla mbegu haijaingia ardhini.

Na usiku uleule baada ya kuzungumza naye, waandikie wale wawili wengine ujumbe mfupi, ili mama asibebe kazi ya kukueleza: "Habari zenu. Nimeshaongea na mama, mimi simo kwenye shamba la Ruvu. Msinihesabu kwenye kodi wala michango. Nawatakia msimu mwema." Usubiri mmoja wao ajibu, hata kwa kidole gumba, ndipo ulale.